Kivuli cha mpiga picha kimelala kwenye picha: maswali tunayoulizwa kila wiki

Maswali haya yametoka kwa wateja wa studio na kwa vijana wanaojifunza kusafisha picha. Kwa kuwa ni rahisi kuelewa ukiwa na picha moja kichwani, nitaitumia hii tangu mwanzo hadi mwisho: bibi amesimama mbele ya nyumba yake, uwanja wa udongo mwekundu, amejifunga kanga yenye pindo jeupe. Aliyepiga ni mjukuu wake, kwa simu, saa kumi na moja na nusu jioni, jua likiwa mgongoni mwake. Kivuli cha mjukuu kimelala uwanjani kuanzia kiunoni, viwiko vimetanuka kama masikio ya chungu, na kichwa kimepanda juu ya pindo la kanga kama shubiri moja. Bibi hayupo tena duniani. Kupiga nyingine haiwezekani, kwa hiyo ni hiyohiyo.

Kwa nini nisichukue kifutio nikakipangusa kivuli chote mara moja?

Kwa sababu kivuli si doa. Wino ukimwagika kwenye picha, kilicho chini yake kimepotea na huna budi kubuni kingine. Kivuli hakijapoteza kitu. Udongo uko palepale, na kokoto zake, na alama ya ufagio, na lile jani kavu. Kilichopungua ni mwanga tu, na mwanga unarudishika.

Ukipangusa, programu inachota udongo wa jirani na kuubandika juu. Kwenye kivuli kidogo inapita. Kwenye kivuli cha mita tatu unapata uwanja wenye mabaka yanayofanana, alama za ufagio zinazokatika katikati, na kokoto ileile inayojirudia mara nne. Kanuni yetu pale studio ni kwamba sehemu ya ndani ya kivuli inaangazwa, na ukingo wake ndio unaotiwa viraka. Wanaoanza hufanya kinyume, na ndiyo maana kazi zao zinajulikana kwa mbali.

Nimeongeza mwanga kwenye kivuli, lakini sasa pamekuwa na rangi ya majivu. Nimekosea nini?

Umeongeza rangi zote kwa kipimo kimoja. Mahali penye jua pamepata mwanga wa namna mbili: wa jua lenyewe, ambao jioni una rangi ya dhahabu, na wa anga, ambao ni wa buluu. Ukisimama mbele ya jua unazuia ule wa kwanza tu. Ule wa anga unaendelea kushuka juu ya udongo kutoka pande zote. Kwa hiyo ndani ya kivuli nyekundu imepungua sana, kijani kimepungua kiasi, na buluu imepungua kidogo. Ukivipandisha vyote sawasawa, buluu inazidi, na udongo mwekundu unageuka saruji.

Dawa yake ni kupima kila rangi peke yake.

Ninapimaje? Nipe hatua kwa hatua.

Nitaeleza kwa programu ya GIMP kwa kuwa ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta chakavu.

Chukua kifaa cha kuchota rangi, `Color Picker`, uwashe `Sample average` ili kisisome pikseli moja tu bali kieneo kidogo. Washa na `Use info window` ili namba zionekane. Bofya udongo wenye jua, karibu kabisa na kivuli, andika namba tatu. Kisha bofya udongo ndani ya kivuli, hatua chache tu kutoka pale ulipobofya kwanza, mahali penye udongo wa aina ileile. Usilinganishe mchanga mkavu na ulowevu, utadanganyika.

Kwenye picha ya bibi nilipata hivi: penye jua nyekundu 190, kijani 132, buluu 96. Kwenye kivuli nyekundu 118, kijani 89, buluu 71. Ukigawanya utaona nyekundu inataka kuzidishwa mara 1.61, kijani mara 1.48 na buluu mara 1.35 tu. Hapo ndipo yale majivu yalipokuwa yanatoka.

Sasa nakili picha kwenye tabaka la pili kwa `Layer > Duplicate Layer`, kisha fungua `Colors > Levels`. Kwenye `Channel` chagua `Red`, na kwenye kisanduku cha kulia cha `Input Levels`, kinachosoma 255, uandike namba inayopatikana hivi:

```
255 × kivuli ÷ jua

Red:   255 × 118 ÷ 190 = 158
Green: 255 × 89 ÷ 132  = 172
Blue:  255 × 71 ÷ 96   = 189
```

Fanya vivyo hivyo kwa `Green` na `Blue`, ukubali. Picha nzima itang'aa vibaya, usiogope. Angalia mahali pa kivuli tu: pawe pamefanana na uwanja wa jirani. Pakipungua kidogo au pakizidi, sogeza ile pembetatu ya katikati kidogo sana. Simu huwa zimeshachezea mwanga zenyewe kabla hujapewa picha, kwa hiyo hesabu inakufikisha mlangoni, na kuingia ndani ni kazi ya jicho.

Mwisho, liwekee tabaka hilo barakoa nyeusi: `Layer > Mask > Add Layer Mask`, uchague `Black (full transparency)`. Mwangaza wote utatoweka. Chukua brashi nyeupe upake juu ya kivuli, na udongo wenye jua utaanza kujitokeza unapopita. Ukikosea, geuza brashi iwe nyeusi urudi nyuma. Hujagusa picha ya asili hata chembe, na hilo ndilo ninalolipenda zaidi kwenye njia hii.

Udongo umekubali, lakini kwenye kanga kivuli bado kipo, tena cheusi. Namba si ni zilezile?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi hukwama wakadhani hesabu imewadanganya.

Jua la jioni limeinama. Linaipiga ardhi kwa ubavu, mwanga kidogo unatandazwa juu ya eneo kubwa. Lakini kanga aliyovaa mtu aliyesimama inalitazama jua uso kwa uso na kulipokea lote. Kwa hiyo unapolizuia jua, ardhi inapoteza kiasi, na nguo inapoteza sehemu kubwa ya mwanga wake. Kivuli kilekile kinakuwa kizito zaidi kikipanda ukutani, kwenye mguu au kwenye nguo.

Kwenye pindo jeupe la ile kanga nilipima 236, 222 na 196 penye jua, na 96, 95 na 92 penye kivuli. Namba za `Levels` zikawa 104, 109 na 120. Ni mbali kabisa na zile za udongo. Kwa hiyo nguo inapata tabaka lake na barakoa yake. Mpaka kati ya matabaka hayo mawili ni pale kanga inapokutana na ardhi, na hapo tumia brashi ndogo yenye ukingo mkali, la sivyo udongo ulio nyuma ya miguu utawaka kama taa.

Kwa bahati pindo lina sehemu nyeupe ya kupimia. Nguo ikiwa na maua matupu, tafuta ua moja ambalo linajirudia, moja likiwa kwenye jua na jingine kivulini, ulinganishe hayo.

Ndani pamekaa sawa, lakini umbo la mtu bado linaonekana, kama limechorwa kwa uzi.

Huo ni ukingo. Kivuli hakina mpaka mkali kwa sababu jua si nukta. Ukilitazama kutoka duniani lina upana wa nusu nyuzi hivi, kwa hiyo kuna utepe ambapo nusu ya jua imezibwa na nusu nyingine inaonekana. Utepe huo unakua kadiri kitu kinachozuia kinavyokuwa mbali na ardhi. Kwa jua la saa kumi na moja na nusu, ukingo wa kivuli cha goti una upana wa sentimita 2 hivi kwa pembeni. Ukifika kichwani unakuwa 6 au 7 kwa pembeni, na utosini, kwa kuwa mwanga umelala, unanyooka hadi robo ya mita.

Kwa hiyo brashi moja haitoshi kwa mwili mzima. Anza na brashi ngumu kiasi upande wa kiuno, na kadiri unavyopanda kuelekea mabegani na kichwani punguza `Hardness` na ongeza ukubwa. Watu huchora umbo zima kwa kifaa cha kuchagua kisha wakalainisha ukingo wote kwa kipimo kimoja. Miguu ikikaa vizuri kichwa kinabaki na mstari, wakirekebisha kichwa miguu inaota ukungu.

Uzi wenyewe utakuambia kosa liko wapi. Ukiwa mweusi, brashi yako haijafika mwisho wa kivuli, panua barakoa. Ukiwa mweupe, umevuka ukaangaza udongo ambao tayari ulikuwa na jua, rudi ndani kwa brashi nyeusi yenye `Opacity` ndogo, kama 15 hivi. Ukiwa na vyote viwili, mweusi nje na mweupe ndani au kinyume chake, ulaini wa brashi yako haulingani na ulaini wa kivuli.

Utabaki uzi mwembamba usiokubali kuondoka. Hapo sasa ndipo kifaa cha kunakili, `Clone`, kinapoitwa. Fungua tabaka jipya tupu juu ya yote, washa `Sample merged`, na upite juu ya uzi huo kwa brashi yenye upana unaouzidi kidogo tu.

Nichote udongo wa kiraka kutoka wapi?

Kutoka pembeni, kwenye mstari uleule wa kulala. Kokoto iliyo karibu na kamera ni kubwa na iliyo mbali ni ndogo. Ukichota chini ukabandika juu, unapanda kokoto kubwa miguuni pa bibi, na jicho linahisi kitu kimeharibika hata kama halijui ni nini. Chota kushoto, kisha kulia, kisha mbali kidogo. Usichote sehemu moja mara mbili mfululizo.

Mbona palipokuwa na kivuli pamekuwa laini mno, kama pamepigwa pasi?

Hili swali nalipenda. Jua likiwa chini, kila kokoto na kila punje ya mchanga ina kivuli chake kidogo, na ndiyo inayofanya uwanja uonekane na mikwaruzo. Ndani ya kivuli chako hakuna jua, kwa hiyo vivuli hivyo vidogo havipo. Unaporudisha mwanga kwa hesabu, rangi inarudi, lakini mikwaruzo hairudi, kwa sababu haikupigwa kamwe.

Kwenye sakafu ya saruji, vigae au lami laini hutaliona tatizo hili. Kwenye mchanga wa pwani wenye nyayo za watu litakuumbua mara moja, kwa sababu nyayo zote za jirani zina upande wa giza na upande wa mwanga, na za kwako zimekuwa mabonde yasiyo na kina.

Tunachofanya ni kunakili kidogo. Kwa kifaa cha `Clone`, kwenye tabaka jipya, `Sample merged` ikiwa imewashwa, weka `Opacity` kati ya 30 na 50 na uchote mikwaruzo kutoka udongo wenye jua wa mstari uleule. Kwa kuwa chini yake udongo wa kweli unaonekana kwa nusu, marudio hayasomeki, na alama ya ufagio inaendelea kupita. Kwa picha ya bibi nilipita mara mbili tu, kutoka pande mbili tofauti.

Kinyume chake nacho hutokea: pakachafuka chembechembe au vijisanduku vidogo. Hiyo ni picha iliyokamuliwa, mara nyingi imepitia WhatsApp. Sehemu za giza ndizo zinazobanwa zaidi na ukiziangaza uharibifu wote unatoka nje. Mwombe aliyepiga aitume tena kama `Document`, faili lenyewe, siyo kama picha ya kawaida. Tofauti utaiona kabla hujagusa chochote.

Sina kompyuta, nina simu tu.

Programu ya Snapseed inaweza. Fungua `Curves`, ingia rangi moja moja, pandisha nyekundu kuliko kijani na kijani kuliko buluu mpaka sehemu ya kivuli ifanane na jirani, ukiliacha lile linalowaka liwake. Kubali, kisha nenda kwenye orodha ya mabadiliko, `View edits`, gusa hatua hiyo ya `Curves` na uchague alama ya brashi. Utapaka kwa kidole pale tu unapotaka mabadiliko yakae. Ni ile barakoa ya GIMP, imevaa nguo nyingine.

Kuza picha kabla ya kupaka. Brashi ya Snapseed inabaki na ukubwa uleule kwenye kioo, kwa hiyo ukikuza sana inakuwa ndogo na kali, ukipunguza inakuwa pana na laini. Miguuni kuza, kichwani punguza. Mwisho tumia `Healing` kwa ule uzi wa ukingo peke yake, kwa miguso mifupi. Kidole kinene kina adhabu yake, lakini nimeona kazi safi zimetoka hivyo.

Kivuli si changu, ni cha mpita njia. Kuna tofauti?

Swali la kwanza ni mwenyewe yuko wapi. Kama yuko nje ya fremu na kivuli chake tu kimechungulia, kazi ni ileile, na mara nyingi ni nyepesi kwa sababu kinapita pembeni ya picha. Kama mwenyewe yuko ndani ya picha, usimwondolee kivuli ukamwacha yeye. Au wote wawili watoke, au wote wabaki. Mtu asiye na kivuli kati ya watu wenye vivuli huonekana amebandikwa, na anayetazama ataanza kushuku hata vile vitu ambavyo hujavigusa.

Vivuli vya wapita njia huangukia sana kwenye barabara na vitofali vya pevingi. Huko njia ya kuangaza inakulipa mara mbili, maana mistari ya vitofali inabaki imenyooka yenyewe. Aliyenakili atakesha akiipanga.

Jambo moja linawachanganya wengi: kivuli cha mtu kikipitana na kivuli cha mti. Pale vinapolaliana hapazidi kuwa giza. Jua likishazibwa na jani, mtu akija mbele yake hana cha kuziba tena. Kwa hiyo ukipaka barakoa juu ya umbo zima la mtu, unatoboa tundu lenye umbo lake kwenye kivuli cha mti. Simamisha brashi pale kivuli cha mti kinapoanza. Sehemu hiyo haihitaji chochote, iko sahihi tangu ilipopigwa.

Picha ni ya zamani, nyeusi na nyeupe, nimeipiga skani.

Una nafuu. Rangi hazipo za kuhangaika nazo, namba ni moja, kwenye `Value`. Shida yako itakuwa weusi wenyewe: karatasi za zamani mara nyingi kivuli kimezama kabisa. Pima. Ikiwa ndani ya kivuli namba inasoma chini ya 10 hivi na haibadiliki unaposogeza mshale, hakuna kilichorekodiwa pale na hutaangaza kitu. Hapo ni kunakili tu, kwa subira, kiraka kwa kiraka. Hilo ni kweli hata kwa picha za rangi.

Nisimame vipi ili kivuli kisiingie kabisa?

Kuchuchumaa hakusaidii. Watu hubisha, lakini ni kweli: unapochuchumaa kivuli kinafupika, na kamera nayo imeshuka kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo kichwa cha kivuli kinaonekana palepale kwenye fremu. Kivuli cha kamera daima kiko upande ulio kinyume kabisa na jua. Jua likiwa nyuzi 14 juu ya upeo wa macho nyuma yako, kivuli cha kamera kiko nyuzi 14 chini ya upeo mbele yako, ukiwa mrefu ukiwa mfupi.

Sasa lenzi ya kawaida ya simu, ukiilaza simu, inaona karibu nyuzi 25 chini ya katikati ya picha. Nyuzi 14 zimo ndani, kivuli kimeingia. Ukikuza mara mbili, `2x`, inaona nyuzi 13 hivi tu, na kivuli kinatoka kwa unywele. Rudi nyuma hatua kadhaa, kuza, na bibi atabaki na ukubwa uleule. Ni dawa ya sekunde tano.

Njia nyingine ni kugeuka. Usiliweke jua mgongoni, liweke begani: ukizunguka nyuzi 40 au zaidi kutoka kwenye mstari wa jua, kivuli kinatoka pembeni, na uso wa mtu unapata umbo kwa kuwa mwanga unatoka ubavuni. Au simama wewe ndani ya kivuli cha mwembe au cha ukuta. Kivuli chako kitamezwa na kile kikubwa.

Kwa ukanda wetu wa karibu na ikweta jua linashuka haraka, kama nyuzi 15 kwa saa. Pale Dar es Salaam, saa kumi na nusu mtu wa mita 1.7 ana kivuli cha mita 3 hivi. Saa moja baadaye kimekaribia mita 7. Ndiyo maana picha za mchana za harusi hazina shida hii, na za jioni zimejaa vichwa vya wapigaji.

Je, ni udanganyifu?

Kwenye albamu ya nyumbani, hapana. Kwenye habari, ndiyo, na watu wamepoteza kazi. Mwaka 2011 shirika la habari la AP lilivunja uhusiano na mpiga picha wa kujitegemea aliyetoa kivuli chake mwenyewe kwenye picha ya watoto wakicheza mpira Argentina. Alinakili vumbi juu ya kivuli. Picha ilikuwa nzuri na kivuli hakikubadilisha habari yoyote, lakini sheria yao haikuwa na nafasi ya hilo. Kama unapiga kwa ajili ya gazeti, kata picha ukingoni au uiache ilivyo.

Na si kila kivuli ni kosa. Mmarekani Lee Friedlander mwaka 1966 alipiga picha jijini New York ambapo kivuli cha kichwa chake kimeangukia mgongo wa mwanamke aliyevaa koti la manyoya, na kivuli hicho ndicho picha yenyewe. Mwenye picha ya bibi nilimuuliza mara mbili kama anataka kitoke. Wapo ambao wangetaka kivuli cha mjukuu kibaki. Yeye alitaka kitoke kwenye kanga, na cha uwanjani akanikubalia nikitoe pia.

Nimemaliza, lakini mke wangu anasema mtu kwenye picha kama anaelea.

Umekula na kile ambacho hakikuwa chako. Chini ya kandambili za bibi kuna mstari mwembamba wa giza, mahali kanda inapokutana na ardhi. Huo si wa mpigaji. Ni wa miguu yake mwenyewe, na ndio unaomsimamisha chini. Kivuli cha mpigaji kikifika hapo, ni rahisi kuupaka wote pamoja.

Rudi kwenye barakoa kwa brashi nyeusi, ndogo, upitishe chini ya nyayo, unene wa pikseli chache tu. Kisha punguza picha mpaka iwe na ukubwa wa stempu, uitazame, halafu uigeuze kushoto kuwa kulia uitazame tena. Kwa ile ya bibi niligundua kwa njia hiyo kwamba mguu wa kushoto ulikuwa umekanyaga na wa kulia bado.